Anayefuta jina la mpiga picha hujifutia utetezi

Wenye biashara za mitandaoni, maafisa habari wa mashirika na hata maharusi wana swali moja wanalowauliza wapiga picha na mawakili: je, naruhusiwa kuondoa alama ya jina au nembo iliyo kwenye picha hii? Sababu zinazotolewa huwa tatu. Mmoja anasema picha ameilipia. Mwingine anasema aliye kwenye picha ni yeye mwenyewe, au nembo inayoonekana ni ya kampuni yake. Wa tatu anasema aliikuta mtandaoni, haina mwenyewe. Hii ya tatu haihitaji maneno mengi, kwa sababu picha iliyoandikwa jina la mtu ndiyo ya mwisho kuitwa haina mwenyewe. Mbili za mwanzo ni nzito zaidi, na wanaozitoa mara nyingi ni watu wema wanaoamini wana haki. Kwa hao naanza na kesi ya Marekani ambayo kila anayeshika picha za watu wengine angepaswa kuijua.

Mwaka 2006 jarida la New Jersey Monthly lilimwajiri mpiga picha Peter Murphy awapige picha watangazaji wawili wa kituo cha redio cha WKXW. Picha ilikuwa ya utani: wamesimama kana kwamba hawana nguo, wamejikinga kwa bango lenye nembo ya kituo. Jarida liliichapisha, na kando yake, kwenye ukingo wa ndani wa ukurasa karibu na mshono, likaweka jina la Murphy kwa herufi ndogo. Mfanyakazi mmoja wa redio akachukua jarida, akaskani ukurasa, na picha ikapandishwa kwenye tovuti ya kituo. Katika kuskani, ule mstari wa jina ulikatwa. Kituo kikawaalika wasikilizaji waichukue picha, waichezee kwa kompyuta, na warudishe matoleo yao. Yalipandishwa matoleo 26.

Tazama mambo yalivyokuwa. Watu waliopigwa picha walikuwa watangazaji wa redio hiyohiyo. Nembo iliyo katikati ya picha ilikuwa ya redio hiyohiyo. Picha ilikuwa ya kuwasifu. Lakini hakimiliki ilikuwa ya Murphy, na hakuna aliyemuuliza. Alishtaki mambo mawili tofauti kuhusu picha: kwanza, kuitumia bila ruhusa, pili, kuiondolea jina lake. Mahakama ya wilaya ilimkatalia. Kuhusu lile jina ilisema kwamba sheria inalinda taarifa za hakimiliki zilizomo ndani ya mifumo ya kompyuta tu, si mstari wa wino gazetini. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tatu ikaipindua hukumu hiyo. Ikasema sheria inataja jina la mtunzi bila kuuliza limeandikwa kwa wino au kwa umeme, na jina la mpiga picha kando ya picha yake ndiyo taarifa yenyewe inayolindwa. Hoja ya redio kwamba ilitumia picha kwa haki, kama taarifa ya habari, nayo ilikataliwa.

Kinachonigusa zaidi hapo ni kwamba makosa yalihesabiwa mawili. Wengi wetu tunadhani kufuta alama ni sehemu ya kuiba picha, kwa hiyo asiyeiba hana kosa. Kisheria ni kitendo kinachojitegemea. Unaweza kuwa na ruhusa kamili ya kuitumia picha na bado ukakosea kwa kuifuta jina. Marekani kitendo hicho kina kifungu chake katika sheria ya hakimiliki, 1202, kilichoingizwa mwaka 1998, na kina malipo yake: dola 2,500 hadi 25,000 kwa kila tukio, bila mwenye picha kulazimika kuthibitisha hasara aliyopata. Chimbuko lake ni Mkataba wa Hakimiliki wa mwaka 1996 wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia miliki bunifu, mkataba ambao kifungu chake cha 12 kinazitaka nchi wanachama ziadhibu kuondoa kwa makusudi taarifa za kielektroniki zinazomtambulisha mtunzi, mwenye haki na masharti ya matumizi.

Kenya inalo jambo hilo ndani ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Kifungu cha 35, kinachoeleza maana ya kuvunja hakimiliki, kinamtaja pia anayeondoa au kubadilisha taarifa za kielektroniki za usimamizi wa haki. Neno "kielektroniki" lina uzito wake. Kwa mtazamo wangu, jina lililochongwa kwenye pembe ya picha ya JPG na kutumwa kwa simu linaingia hapo bila shida, kwa kuwa limo ndani ya faili. Mstari wa wino kwenye jarida, kama ule wa Murphy, ungekuwa na mjadala mrefu zaidi mbele ya hakimu wa Nairobi. Lakini hata hapo mpiga picha hakosi pa kushika, kwa sababu kifungu cha 32 kinampa mtunzi haki mbili zinazobaki kwake hata akishauza haki zote za mapato: haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyeitunga kazi, na haki ya kupinga kazi yake isiharibiwe kwa namna inayomshushia heshima. Haki hizo haziuziki maadamu yu hai. Tanzania nayo, katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inamtambulia mtunzi haki ya jina lake kutajwa kazi inapotumiwa.

Sasa kuna wale wanaojitetea kwa habari. Mwenye blogu au ukurasa wa Facebook anasema: hili ni tukio la umma, sheria inaruhusu kutumia picha katika kuripoti habari. Ni kweli, inaruhusu. Lakini sheria ya Kenya inaruhusu kwa sharti kwamba chanzo kitajwe. Jina kwenye pembe ya picha ndiko kutajwa kwenyewe. Mtu anayelifuta kisha akakimbilia utetezi wa habari anafika mahakamani akiwa amekwisha kuubomoa kwa mkono wake. Vivyo hivyo kwa uhakiki na uchambuzi. Na kuna la ziada: anayefuta alama hawezi tena kusema hakujua picha ni ya mtu. Aliliona jina, ndiyo maana akalifuta.

Nije kwenye "nimelipia", kwa sababu ndiko kwenye kazi kubwa. Tuseme hoteli moja ya Watamu inamwita mpiga picha, anafanya kazi siku mbili, anakabidhi picha 40 kwa shilingi 60,000. Kila picha ina alama yake ndogo chini kulia. Baada ya miezi michache wakala wa utalii wa Nairobi anaandaa bango la kuuza vifurushi vya Pasaka. Anamwandikia meneja wa hoteli kwenye WhatsApp: "Tunaweza kutumia ile picha ya bwawa?" Meneja anajibu: "Sawa kabisa." Wakala anaipeleka picha kwa dizaina wake, na dizaina, bila kuambiwa na mtu, anaifuta ile alama kwa sababu inagongana na bei aliyoiandika pembeni.

Nani amemruhusu nani kufanya nini? Kwanza tuangalie picha ni ya nani. Wapiga picha wengi wa Kenya hushtuka wakisomewa kifungu cha 31: kazi iliyoagizwa na mteja, hakimiliki yake huhesabiwa imehamia kwa mteja aliyeiagiza, isipokuwa wamekubaliana vinginevyo. Yaani kama hoteli na mpiga picha hawakuandikiana chochote, mwenye hakimiliki ya picha ya bwawa ni hoteli. Hapo meneja alikuwa na mamlaka ya kusema "sawa". Ruhusa isiyo ya kipekee haihitaji karatasi. Sheria inaikubali hata kwa mdomo au kwa mwenendo wa watu, kwa hiyo ujumbe wa WhatsApp unatosha.

Ila tazama aliyoulizwa. Aliulizwa kuhusu kutumia. Hakuulizwa kuhusu kufuta. Na hata angeulizwa, angejibu kwa niaba ya hoteli tu, si kwa niaba ya mpiga picha, ambaye bado ana ile haki ya kutambuliwa ya kifungu cha 32. Hakimiliki imehama, jina halikuhama. Ndiyo sababu nasema bila kusita kwamba hoteli yenyewe, yenye hakimiliki yote mkononi, haiko salama kufuta jina bila kuzungumza na aliyepiga picha.

Upande wa pili: tuseme waliandikiana. Ankara ya mpiga picha ina mstari mmoja chini unaosema hakimiliki inabaki kwake, na hoteli inapewa ruhusa ya kutumia picha kwenye tovuti yake na kurasa zake za mitandao kwa miaka miwili. Mstari huo unatosha kuondoa uhamisho wa kifungu cha 31. Sasa meneja aliposema "sawa kabisa" alitoa kitu ambacho hakuwa nacho. Wakala ametumia picha bila ruhusa, ingawa aliomba kwa adabu zote, na dizaina wake amefuta taarifa ya haki. Mpiga picha anaweza kudai fidia au, akichagua, kiasi sawa na mrabaha ambao angelipwa kwa ruhusa ya kawaida. Sheria ya Kenya inampa uchaguzi huo. Wakala naye atamgeukia meneja: uliniambia ni sawa. Na urafiki wa kibiashara wa miaka unaanza kuoza kwa sababu ya alama isiyozidi ukubwa wa kucha.

Wenzetu wa Tanzania wasiichukue kanuni hii ya kazi ya kuagizwa wakaivusha mpaka. Kila nchi ina namna yake ya kuamua ni nani mwenye hakimiliki pale mteja anapolipa, na picha iliyopigwa Tanga kwa ajili ya kampuni ya Mombasa inahitaji mkataba unaosema wazi, si kubahatisha. Mauzo ya hakimiliki yenyewe, au ruhusa ya kipekee, ni jambo jingine kabisa: Kenya haiyatambui mpaka yawe kwenye maandishi yaliyotiwa saini na anayeuza.

Ninapendekeza njia ambayo kwa kweli ni rahisi kuliko kufuta. Alama mara nyingi haiondolewi. Huombwa faili lisilo na alama. Benki za picha zimejengwa juu ya utaratibu huo: picha ya kuonjea ina maandishi makubwa katikati, ukilipa leseni unapakua faili safi. Faili safi ndilo risiti. Anayeisafisha picha ya kuonjea kwa mkono hubaki na picha ndogo, iliyofifia, isiyo na leseni. Mpiga picha wa mtaani naye ana faili safi kwenye diski yake. Ukimwomba, atakuuliza unalitaka kwa kazi gani, na hapo ndipo mazungumzo ya haki yanapofanyika kwa namna ya kawaida kabisa. Wengine watatoa bure kwa sharti kwamba jina liandikwe kwenye maelezo chini ya picha. Wengine watadai nyongeza. Wote wawili wana haki ya kufanya hivyo.

Jina halipo kwenye pembe ya picha peke yake. Kamera na programu za kuhariri huandika ndani ya faili taarifa zisizoonekana, zinazoitwa metadata: jina la aliyepiga, tamko la hakimiliki, wakati mwingine hata anwani. Mwenye kompyuta yenye programu ya ExifTool anaweza kuzisoma kwa amri moja:

```
exiftool -Artist -Copyright -Creator -Rights DSC_0412.jpg
```

Ukirudishiwa jina, picha ina mwenyewe, hata kama pembeni haina alama. Usiporudishiwa kitu, usishangilie. Picha ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida, hubanwa na taarifa hizo huondoka. Ikitumwa kama hati, hubaki. Mitandao mingine nayo huzifuta inapopunguza ukubwa wa faili. Kwa hiyo kutokuwepo kwa metadata hakuthibitishi lolote, wala hakumfanyi aliyeipokea picha kuwa mkosaji.

Hapo ndipo sheria inapoweka mpaka, na ni mpaka wa haki. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa ya Marekani iliamua kesi ya wapiga picha wa nyumba zinazouzwa dhidi ya kampuni ya CoreLogic. Programu ya kampuni hiyo ilikuwa ikipunguza picha zilizopandishwa na mawakala wa nyumba, na katika kupunguza ikazifuta metadata zenye majina. Wapiga picha walishindwa. Hawakuweza kuonyesha kwamba kampuni ilijua, au ilikuwa na sababu ya kujua, kwamba kufutika huko kungesaidia au kuficha uvunjaji wa hakimiliki. Mashine kufuta jina bila kukusudia si sawa na dizaina kukaa na kifutio cha Fotoshop akipaka mchanga juu ya jina la mtu. Mashine haikuliona jina. Dizaina aliliona.

Sasa niende kwenye nembo za biashara, ambako nchini kwetu ndiko kwenye fujo zaidi. Muuza masofa anapiga picha ya seti aliyoitengeneza, anaweka nembo ya karakana yake katikati, anaiposti. Kesho yake picha ileile iko kwenye ukurasa mwingine, nembo imefunikwa kwa duara jeupe au imefutwa, na nembo mpya imewekwa juu. Mteja anaagiza, analipa kianzio, anapelekewa sofa ambalo mbao zake na ushonaji wake havifanani na picha.

Watu huiita hii wizi wa picha, na ni kweli, lakini picha ni sehemu tu. Yamefanyika mambo matatu kwa mkupuo. Picha imetumiwa bila ruhusa ya aliyeipiga. Taarifa ya nani mwenyewe imeondolewa, na mahali pake ikawekwa taarifa ya uongo. Na kazi ya mikono ya fundi mmoja imetangazwa kuwa ya fundi mwingine, jambo linalogusa sheria ya ushindani na ya kumlinda mlaji: Kenya ina Sheria ya Ushindani ya 2010 na Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012, Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Fundi aliyeibiwa anaweza kulalamika kwa njia ya hakimiliki. Mteja aliyedanganywa ana njia yake mwenyewe. Mara nyingi mteja ndiye mwenye nguvu zaidi, maana alitoa fedha na ana risiti ya M-Pesa.

Kuweka jina jipya juu ya lililofutwa ni kuzito kuliko kufuta tu. Baada ya tetemeko la ardhi la Haiti mwaka 2010, mpiga picha Daniel Morel alipandisha picha zake mtandaoni saa chache baada ya maafa. Mtu mwingine akazichukua na kuzipandisha kwenye ukurasa wake kana kwamba ni zake. Shirika la habari la AFP likazichukua kutoka kwa huyo wa pili, likazisambaza kwa jina la huyo wa pili, na Getty Images ikazisambaza kwa wateja wake. Morel alishinda. Mwaka 2013 baraza la wazee wa mahakama New York lilimpa dola milioni 1.2 kwa picha nane. Mashirika yenye mawakili na wahariri wa picha waliobobea yalianguka kwa sababu yaliamini jina lililokuwa chini ya picha bila kuuliza limetoka wapi. Muuza masofa anayenunua "picha za bidhaa" kutoka kwa kijana wa mtandaoni yuko kwenye hatari ileile kwa kiwango chake.

Vipi kama unauza bidhaa halisi ya kampuni fulani, umeinunua kihalali, na unataka kutumia picha ya kampuni hiyo baada ya kuondoa nembo yake pembeni? Haki ya kuuza bidhaa uliyonunua unayo. Haki ya kutaja jina la bidhaa katika tangazo kwa kawaida unayo pia, maana ndivyo ilivyo. Haki ya picha ya kampuni huna, mpaka upewe. Wasambazaji wengi huwa na folda ya picha kwa ajili ya wauzaji wa rejareja, na humo picha huja na masharti: usibadilishe, usiondoe nembo, usiweke ya kwako. Soma masharti hayo. Usipoyapata, weka bidhaa kwenye meza karibu na dirisha, tandika shuka jeupe, piga mwenyewe. Picha yako itakuwa dhaifu kuliko yao, lakini mteja ataona kitu kilichopo dukani kwako, na hakuna atakayekuandikia barua.

Nembo iliyo ndani ya tukio lenyewe, kama fulana ya mtu aliyepita au bango la soda nyuma ya bibi harusi, ina uzito mdogo. Mwenye nembo hana haki ya kudai nembo yake ibaki kwenye picha yako. Kama picha ni yako, ifute. Kama si yako, mwulize mpiga picha, kwa kuwa unaibadilisha kazi yake. Kama ni picha ya habari, iache, kwa sababu msomaji anaamini aliyoyaona ndiyo yaliyokuwepo.

Kuna wanaodhani kufuta hakuachi ushahidi. Kamera nyingi hutoa picha yenye uwiano wa tatu kwa mbili, mfano pikseli 6000 kwa 4000. Ikipunguzwa kwa kawaida inakuwa 1500 kwa 1000. Ukiikuta mtandaoni ikiwa 1500 kwa 920, mtu amekata utepe wa chini, na huko ndiko alama hukaa. Hili peke yake si ushahidi, kwa sababu Instagram yenyewe huwakatisha watu picha zao. Ongeza jicho: alama iliyofutwa juu ya mchanga au majani mara nyingi huacha kipande kilichojirudia, punje zilezile za mchanga mara mbili kando kwa kando, au ukingo wa makuti unaokatika ghafla na kuanza tena hatua moja mbele. Kisha mpiga picha anatoa alichonacho yeye tu: faili ghafi la kamera, na picha zilizopigwa kabla na baada ya ile inayogombaniwa. Mwizi anaweza kuwa na picha moja. Hawezi kuwa na kumi za jirani yake.

Na alama yenyewe, hata kabla ya ugomvi, inamfanyia kazi mwenyewe. Mkataba wa Berne, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, unasema katika kifungu cha 15 kwamba jina likionekana kwenye kazi kwa namna ya kawaida, mwenye jina hilo atahesabiwa kuwa mtunzi mpaka athibitishwe vinginevyo. Hata jina la kisanii linakubalika kama linamtambulisha bila shaka. Mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa mbishi. Ndiyo maana nawasihi wapiga picha wasiweke maneno ya mapambo yasiyomtambulisha mtu. Jina la biashara linaloweza kufuatwa hadi kwa mtu, pamoja na mwaka, linafanya kazi. Maua na mabawa hayafanyi. Na isiwekwe kubwa mno katikati ya uso wa bibi harusi kwenye picha aliyokwisha kuilipa. Hapo mteja anasukumwa kutafuta kifutio, na mimi simlaumu yeye peke yake.

Kwa anayetaka picha, maombi mazuri huwa mistari michache tu, na yanapaswa kutenganisha mambo ambayo wakala wetu wa Nairobi aliyachanganya. Mfano: "Habari. Naomba kutumia picha yako ya bwawa uliyoiposti mwezi wa tatu. Ni kwa bango moja la mtandaoni la vifurushi vya Pasaka, kwenye Instagram na Facebook, hadi tarehe 30 Aprili. Naomba pia faili lisilo na alama, kwa kuwa maandishi ya bei yanakaa pembe hiyo. Jina lako nitaliandika kwenye maelezo chini ya picha. Kama hakimiliki iko kwa hoteli, tafadhali niambie niwaulize nao, na gharama yako ni kiasi gani?" Majibu yakifika, yapigie skrinshoti na uyaweke kwenye folda moja na faili la picha. Kama dizaina ni mtu mwingine, mtumie vyote viwili pamoja, picha na ruhusa, ili asije akaamua mwenyewe mbele ya kompyuta yake usiku wa manane, tangazo likisubiriwa asubuhi.